Kabla ya kuuliza ada, ulizeni ni kosa la nani linalolindwa

“Mimi ni katibu wa kamati ya ukumbi wa jamii katika kata moja ya Moshi. Ukumbi wetu ni wa watu 350, lakini mwezi wa Desemba tunaukodisha kwa harusi za watu 600 na zaidi, na hema linafungwa uwanjani. Mwaka jana mgeni aliteleza ngazini akavunjika mkono, tukachangishana kulipia matibabu yake. Sasa tumeandaa barua kwenda kampuni ya bima, tukiomba ‘bima ya kuwalinda wageni wote waalikwa katika harusi na shughuli kubwa’ na kuuliza ada yake. Je, barua hiyo inatosha? Na mwenye harusi naye atakuwa ndani ya bima hiyo?”

Ndugu Katibu, naomba barua hiyo isitumwe kama ilivyo, kwa sababu maneno “kuwalinda wageni wote” yanaomba kitu ambacho bima ya dhima kwa umma haikitoi. Kampuni itawajibu, tena haraka, kwa karatasi yenye ada na kiwango cha fidia, nanyi mtalipa mkiamini kwamba kila mgeni atakayeumia atalipwa. Nimekaa miaka mingi upande wa madai hapa Arusha, na ugomvi mwingi wa kumbi niliousikiliza mezani kwangu ulianzia kwenye imani hiyo.

Bima ya dhima haimlindi mgeni. Inamlinda mwenye ukumbi dhidi ya deni la kisheria ambalo mgeni anaweza kumdai. Ili kampuni ilipe, ni lazima kwanza muwe na deni hilo, na deni hilo huja pale mlipozembea jambo ambalo mtu makini anayesimamia ukumbi angelifanya. Mchukulieni mgeni wenu wa mwaka jana. Ikiwa taa ya ngazini ilikuwa imeungua kwa wiki tatu na mlinzi alishawaambia, mlikuwa na deni, na bima ingelipa. Ikiwa ngazi ilikuwa kavu, ina taa na ina mhimili wa kushikia, naye akateleza kwa sababu alikuwa anashuka huku akicheza na viatu mkononi, hamkuwa na deni, na kampuni isingetoa hata shilingi moja ya matibabu. Mkono ni ule ule uliovunjika, na maumivu ni yale yale. Hata hivyo, katika hali hiyo ya pili bima ingekuwa na faida moja ambayo watu huisahau: kama mgeni angefungua kesi, kampuni ndiyo ingemlipa wakili wa kuwatetea, kwa masharti ya hati yenu. Gharama ya wakili kwa kesi ya miaka miwili si ndogo kwa kamati inayoishi kwa kukodisha viti.

Kama nia yenu ni kwamba anayeumia apate matibabu bila kuulizana nani kakosea, ombeni kwa jina lake nyongeza ya gharama za matibabu ya dharura, ambayo huwa ni kiasi kidogo kwa kila mtu, au bima ya ajali binafsi kwa shughuli husika. Hizo ni bidhaa nyingine zenye ada nyingine, na barua yenu haizitaji.

Sasa niingie kwenye swali lenu la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Jumamosi ya harusi ukumbi wenu hauko mikononi mwenu peke yenu. Kuna mpambaji aliyekuja na hema na vitambaa, kuna mtu wa muziki na spika zake ndefu, kuna wapishi na mitungi ya gesi nyuma ya jengo, kuna jenereta la kukodi kwa ajili ya umeme ukikatika, na kuna mwenye harusi aliyewaleta wote hao. Hati ya kawaida ya dhima kwa umma iliyokatwa kwa jina la ukumbi inalipa kosa la ukumbi. Haimlipii mwenye harusi kosa lake, wala haimlipii mpambaji kosa lake, isipokuwa hati yenyewe iseme hivyo kwa maandishi. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, mwenye harusi hayumo, mpaka muombe aingizwe na kampuni ikubali kwa kiambatisho.

Niwawekee mfano, na fedha zilizomo nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane. Tuseme mna bima yenye kikomo cha shilingi milioni 100 kwa tukio moja, na sharti kwamba mwenye bima abebe mwenyewe asilimia 10 ya kila dai, isiyopungua shilingi milioni 1. Mpambaji anafika asubuhi, udongo wa uwanjani umelowa kwa mvua za vuli na vigingi vyake vya chuma havishiki vizuri, basi anafunga kamba mbili za hema kwenye nguzo ya baraza ya ukumbi. Mlinzi wenu anamwona, anamsaidia hata kukaza fundo. Saa kumi na moja jioni upepo unalivuta hema, nguzo ya baraza, ambayo chini yake mbao imeshaoza, inang’oka, na bomba la hema linaanguka juu ya meza ya wazee. Bibi mmoja anavunjika nyonga, kijana mmoja anapasuka kichwa, na gari lililoegeshwa kando linavunjika kioo. Madai yanapofika mwisho, ya bibi ni shilingi milioni 28, ya kijana milioni 12, na ya gari milioni 3, jumla milioni 43.

Hapa ukumbi una kosa lake: nguzo mbovu ni yenu, na mlinzi wenu aliruhusu kamba ifungwe hapo. Mpambaji naye ana kosa. Walioumia wanaweza kuwadai ninyi fedha yote, na mzigo wa kumtafuta mpambaji abebe sehemu yake ukabaki kwenu. Kampuni yenu inaingia. Sehemu mnayobeba ninyi ni milioni 2.8 kwa dai la bibi, milioni 1.2 kwa dai la kijana, na milioni 1 kwa kioo, kwa kuwa asilimia 10 ya milioni 3 haifiki kile kima cha chini. Mnalipa milioni 5, kampuni inalipa milioni 38. Kama sharti lingekuwa asilimia 10 kwa tukio zima na si kwa kila dai, mngelipa milioni 4.3. Tofauti hiyo inatokana na neno moja tu katika hati, na ni neno ambalo barua yenu inapaswa kuliuliza.

Baada ya kulipa, kampuni inapata haki ya kumrudia yeyote aliyechangia kosa, na hapo ndipo mambo huwa machungu. Inaweza kumfuata mpambaji, jambo ambalo ni sawa, lakini inaweza pia kumfuata mwenye harusi aliyemleta mpambaji na kumwelekeza hema likae pale. Katika kata zetu mwenye harusi mara nyingi ni mpwa wa mwenyekiti au muumini mwenzenu, na barua ya madai inayomfikia inatoka kwa wakili wa bima mliyoikata ninyi. Niliwahi kuona kamati ikivunjika kwa jambo hilo, ingawa kampuni haikuwa imefanya lolote nje ya haki yake.

Geuzeni sasa mfano huo kidogo. Kamba zilifungwa kwenye mti ulio nje ya kiwanja chenu, mlinzi hakuhusishwa, na nguzo za baraza ni nzima. Kosa ni la mpambaji, labda na la mwenye harusi. Bima yenu itawatetea ninyi, na utetezi ukifaulu hailipi fidia yoyote, kwa sababu ninyi hamna deni. Bibi aliyevunjika nyonga anabaki akimdai mpambaji mwenye gari moja la mizigo na vitambaa. Kwa sababu ya hali kama hii, kamati makini hutaka mambo mawili kwa pamoja: kiambatisho kinachomwingiza mwenye shughuli kama mlindwa kwa siku anayotumia ukumbi, na sharti katika mkataba wa kukodi ukumbi kwamba mpambaji, mpishi na mtu wa jenereta walete nakala ya bima yao ya dhima kabla ya funguo kutolewa. Kiambatisho cha mwenye shughuli kwa kawaida kinawahusu watu binafsi na familia, si kampuni zinazoandaa matamasha kwa tiketi, na wala hakiwaingizi wakandarasi wake. Akishaingizwa, ulizeni pia kama kila mlindwa atahesabiwa kivyake. Bila hivyo, mwenye harusi akiangukiwa na dari lenu anaweza kuambiwa kwamba yeye si mtu wa tatu, ni mmoja wa wenye bima.

Jambo ambalo barua yenu imelinyamazia, na ambalo lingeweza kuiua bima nzima, ni zile namba mbili mlizonitajia mimi lakini hamkuzitaja kwa kampuni: 350 na 600. Mkataba wa bima unasimama juu ya nia njema ya pande zote, na mwombaji anawajibika kusema kila jambo la msingi analolijua ambalo lingeifanya kampuni ikatae au ipandishe ada, hata kama hakuulizwa. Mkiandika kwamba ukumbi ni wa watu 350 mkanyamaza, kisha ajali ikatokea siku ya watu 640, kampuni itakuwa na hoja nzito ya kukataa dai, na hata ya kuifuta hati tangu siku ya kwanza. Kamati nyingi huona kusema ukweli huu ni kujipandishia ada. Ada itapanda, naam, lakini mtakuwa mmenunua bima inayolipa.

Msidhani kampuni inauliza idadi ya watu kwa mazoea. Tarehe 1 Februari 2020, huko huko kwenu Moshi, watu wapatao 20 walipoteza maisha katika mkusanyiko wa ibada, umati ulipokimbilia sehemu moja kwa wakati mmoja. Mkadiriaji wa bima anayekuja kutazama ukumbi wenu ataanza na milango. Ataukuta, nadhani, ule mlango wa pembeni ambao siku ya harusi hufungwa kwa mnyororo ili wazamiaji wasiingie bila kadi, na wageni wote wapitie mlango mmoja penye meza ya wapokezi. Naelewa kwa nini mnafanya hivyo, chakula kimehesabiwa. Lakini mlango ambao hauwezi kufunguliwa kutoka ndani kwa kusukuma tu ni kosa la ukumbi ambalo hakuna wakili atakayelitetea, na baadhi ya hati huweka sharti kwamba njia za dharura ziwe wazi muda wote watu wakiwa ndani. Mwekeni mtu mlangoni badala ya mnyororo. Na kabla ya kuandika idadi yoyote, mwiteni afisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akague jengo na awape maandishi kuhusu milango, vizimia moto na idadi inayofaa, kisha nakala yake iambatane na barua.

Kuna mambo manne ambayo hati za kawaida huyaacha nje, nami nitayapitia kwa haraka. Kuumwa kwa chakula kilichouzwa au kuandaliwa huwa nje mpaka kuongezwe dhima ya chakula na vinywaji. Kama ninyi hampiki, hiyo ni bima ya mpishi. Magari na vitu mlivyokubali kuvitunza, mathalani mlinzi anapopokea funguo na kusogeza gari la mgeni, navyo huwa nje. Mlinzi na mfagizi wenu, kwa sababu ni waajiriwa, si umma; wao mnawasajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Jengo na viti vyenu vinahitaji bima ya moto na ya mali, ambayo ni hati nyingine kabisa.

Kuhusu kikomo cha fidia, ulizeni kiasi kwa tukio moja na kiasi kwa mwaka mzima, maana kikomo cha mwaka kikishamalizwa na ajali ya Juni, Desemba mtakuwa watupu. Ulizeni vilevile kama hati inaangalia siku ajali ilipotokea au siku dai lilipowasilishwa. Kwa sheria yetu ya ukomo wa muda, mtu aliyeumizwa kwa uzembe ana miaka 3 ya kufungua shauri. Ikiwa hati inaangalia siku ya dai, nanyi mkahamia kampuni nyingine au mkaacha kulipa baada ya mwaka, ajali ya Desemba hii inaweza kuwarudia mwaka wa pili mkiwa hamna bima inayoitambua. Chagueni inayoangalia siku ya ajali, kama inapatikana.

Nirudi kwenye ule mchango wenu wa mwaka jana, kwa kuwa ulikuwa wa kiungwana lakini chini ya bima ungewaletea matatizo. Karibu kila hati ina sharti kwamba mwenye bima asikubali kosa, asiahidi malipo wala asilipe fidia bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Kwetu mtu akiumia kwenye shughuli, wazee huenda KCMC na matunda, na mmoja wao husema, “Mama, usijali, ukumbi utagharamia kila kitu.” Sentensi hiyo inaweza kutumiwa kunyima dai. Hakuna anayewakataza kumtembelea mgonjwa wala kumpa mkono wa pole, na pole haisemi nani kakosea. Andikeni tu kwenye kumbukumbu za kamati kwamba ni pole, msitaje matibabu wala kosa, na ijulisheni kampuni siku hiyo hiyo au kesho yake, pamoja na picha za eneo, majina ya walioona na nakala ya mkataba wa siku ile.

Barua yenyewe iandikwe kwa jina la nani? Kamati, kama kamati, kwa kawaida haina nafsi ya kisheria. Haiwezi kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake, na wajumbe wanaweza kujikuta wameshtakiwa mmoja mmoja. Kama ukumbi uko chini ya wadhamini waliosajiliwa RITA, mwombaji wa bima awe ni wadhamini hao, huku wajumbe wa kamati na watu wanaojitolea wakitajwa kuwa nao wanalindwa. Kama kiwanja ni cha halmashauri au cha usharika, jina la mwenye kiwanja nalo liwemo. Jina hilo hilo ndilo lionekane kwenye mkataba wa kukodi na kwenye stakabadhi.

Baada ya hapo, kiini cha barua kingeweza kusomeka hivi: “Tunaomba makisio ya bima ya dhima kwa umma kwa ukumbi wetu, ambao ndani huchukua watu 350. Kati ya shughuli tunazopokea zipo zinazofikia watu 650, ambapo hema hufungwa uwanjani, jenereta la kukodi hutumika na mapishi ya gesi na mkaa hufanyika nyuma ya jengo. Mwaka jana mgeni mmoja aliteleza ngazini akavunjika mkono, nasi tulichangia matibabu yake. Tunaomba mtueleze kwa maandishi kama shughuli za idadi hiyo zinakubalika na kwa masharti gani. Kama mwenye shughuli anaweza kuwa mlindwa, na kama kampuni itaachia haki ya kumrudia. Ni makosa gani ya wapambaji, wapishi na watoa muziki yatakayobaki nje. Na kama sehemu tunayobeba sisi inahesabiwa kwa kila dai au kwa kila tukio.” Idadi ya shughuli kwa mwaka mtaijaza kutoka kwenye daftari lenu la kukodisha, na ada iulizwe katika sentensi ya mwisho. Pasipo na jibu la maandishi, maneno ya wakala kwenye simu kwamba “hiyo imo” msiyategemee.

Mkishapata makisio, msome hati nzima mkiwa na dalali wa bima aliyesajiliwa, ambaye tofauti na wakala humwakilisha mteja, si kampuni, na mkataba wenu wa kukodi ukumbi upitiwe na wakili, hasa kifungu cha kumbana mwenye shughuli alete bima za wakandarasi wake. Hakikisheni kampuni na dalali wana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na mkishalipa mhakiki hati yenu katika mfumo wa TIRA-MIS kabla ya harusi ya kwanza. Dai likikataliwa bila sababu ya kueleweka, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla hamjafikiria mahakama. Na mtu akifariki au watu kadhaa wakiumia kwa pamoja, tafuteni wakili siku hiyo hiyo, mkiwa na bima au hamna.

Katika hesabu zenu ongezeni VAT juu ya ada, na mjue kwamba bima haianzi kufanya kazi mpaka ada iwe imelipwa. Mkadiriaji atahitaji kuja kuuona ukumbi, nanyi mtahitaji muda wa kubadilisha ile nguzo, ikiwa ipo, na kuondoa mnyororo mlangoni. Kwa harusi za Desemba, barua iwe imefika kwao mapema Septemba.